Amerudi Kazini, Lakini Bado Hajafika

(Hotuba niliyoitoa kwa wasimamizi wa zamu, maofisa utumishi na wawakilishi wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, Morogoro. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu waliokuwa zamu siku ile.)

Ndugu mwenyekiti, ndugu wasimamizi wa zamu, ndugu wawakilishi wa wafanyakazi, dada zangu na kaka zangu, habari za asubuhi.

Mimi ni muuguzi, na miaka yangu mingi ya kazi nimeitumia kwenye zahanati za viwandani. Ukikaa kwenye zahanati ya kiwanda unawaona watu wakiondoka na unawaona wakirudi. Wakiondoka, kila mtu anajua la kufanya. Akifiwa mtu, daftari la rambirambi linapita laini kwa laini, gari linatafutwa, wawakilishi wanapangwa waende kuzika. Akilazwa mtu, watu wanakwenda kumwona na chungwa na chupa ya uji. Kwa hilo hatuna wa kutufundisha.

Sasa nawauliza: akirudi, tunafanya nini?

Akirudi tunampa pole mlangoni, tunamshika mkono, tunamwonyesha mashine yake. Kufika saa nne tunamuuliza mbona mzigo wake umelala. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Mtu amerudi kazini, lakini bado hajafika.

Nianze na sheria, maana wengi wenu mnaishika mkononi na mnaiamini kuliko maneno ya muuguzi. Kwa Tanzania Bara tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema hivi kwa mgonjwa: ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata analipwa nusu, mradi awe na cheti cha daktari. Kwa aliyefiwa na mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, sheria inampa angalau siku 4 zenye malipo. Na angalieni hapa, kwa sababu wengi hawalijui: hizo siku 4 ni za mzunguko mzima, si za kila msiba. Aliyezika mama mwaka jana na mwaka huu kaondokewa na kaka anaweza kukuta siku zake zimekwisha. Anaweza kuomba siku nyingine, na mwajiri akikubali atazipata, lakini bila malipo.

Hayo yote ni ya kuondoka. Kila kifungu nilichowatajia kinahesabu siku za mtu kutokuwepo. Siku ya 5 baada ya msiba, siku ya 43 baada ya upasuaji, wiki 6 alizopewa na daktari zikishakwisha, hesabu hiyo inamwona mfanyakazi kamili, mwenye mikono miwili na lengo lake la zamu. Pengo hilo hakuna atakayelijaza isipokuwa ninyi mliokaa hapa. Na linajazika kwa karatasi moja. Nitaifikia hiyo karatasi, lakini kwanza nataka mwone inahitajika kwa nini.

Niwape kisa cha mshonaji mmoja wa laini ya mashati. Alikuwa mwepesi wa mkono, kazi yake kuunga kola. Kwa muda mrefu alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, anatoka damu nyingi kila mwezi, na hakusema, hadi siku alipoanguka chooni. Hospitali ikampasua tumbo, uvimbe ukatolewa. Akapewa mapumziko ya wiki 6, ile karatasi mnayoiita ED, na chini yake daktari kaandika: akirudi apewe kazi nyepesi.

Akarudi. Msimamizi wake, na namtetea kwa sababu alikuwa mtu mwema, akasoma "kazi nyepesi" akasema: yeye anakaa kwenye cherehani, kuna kazi nyepesi kuliko kukaa? Akamrudisha kwenye kola.

Ndugu zangu, hebu tuitazame hiyo kazi ya kukaa. Fungu la vipande vilivyokatwa linaletwa linawekwa chini ya meza, kushoto. Mshonaji anainama, anajipinda kiunoni, analinyanyua mwenyewe. Tulilipeleka fungu moja kwenye mzani wa stoo, likasoma kilo 9. Hiyo ni karibu ndoo ya lita 10 iliyojaa maji. Na halinyanyuliwi mara moja. Kutwa nzima linakwenda fungu, linakuja fungu. Aliyepasuliwa tumbo kwa kawaida huambiwa asinyanyue kitu kizito kwa wiki 6 za mwanzo, na madaktari wengi humwekea mpaka wa kilo 5 hivi. Baada ya hapo anatakiwa apande taratibu.

Kwa nini taratibu, wakati kidonda kimeshafunga? Kwa sababu mnachokiona ni ngozi. Ngozi hufunga ndani ya siku 10 hadi 14, nyuzi zinatolewa, kovu linakauka, mtu anavaa gauni lake anapendeza. Lakini chini ya ngozi kuna ukuta wa tumbo, na ule unajijenga polepole sana. Wiki ya 3 haujafika hata theluthi moja ya nguvu yake. Miezi 3 ikitimia unakuwa umefika kama asilimia 80, na hapo ndipo unapoishia, haurudi kuwa asilimia 100. Ukiulazimisha mapema unaachia, na utumbo unasukuma kutokea pale. Hiyo ndiyo ngiri ya kidonda. Mtu anarudi tena meza ya upasuaji, kiwanda kinampoteza tena wiki 6 na zaidi.

Na bado kuna damu. Mwanamke aliyetokwa na damu miezi mingi anafika kwenye upasuaji akiwa tayari amepungukiwa, na kisu nacho kinachukua chake. Wingi wa damu wa mwanamke mwenye afya huanzia 12. Huyu dada alitoka hospitali na 8.5. Akimeza vidonge vya madini ya chuma vizuri, damu hupanda kama pointi 1 kwa wiki 2 au 3. Pigeni hesabu wenyewe. Kutoka 8.5 hadi 12 ni wiki 7 hadi 10 na nusu, na ruhusa yake ilikuwa wiki 6. Kwa hiyo alirudi kazini damu ikiwa bado haijatimia. Akipanda ngazi anahema. Saa nane mchana macho yanakuwa mazito. Alikuwa na vidonge mfukoni, tena anavimeza na chai ya saa nne, na chai ya majani huzuia mwili usiyachukue yale madini. Hilo nilimrekebisha siku hiyo hiyo, akaanza kuvimeza kwa maji, mbali na chai. Jambo dogo, lakini kama asingepita zahanati nani angemwambia?

Sasa tazameni wenzake walivyoona. Jumatatu ya kwanza dada huyu alishona kama zamani, kwa sababu aliona aibu. Alijua wenzake walibeba kazi yake wiki 6. Hakutaka mtu aseme anadeka. Kwa hiyo alikaza. Jumanne akakaza. Jumatano akashindwa kuinuka kitandani, Alhamisi akaja akiburuta miguu. Na laini ikasema: mbona Jumatatu aliweza?

Hili swali ndugu zangu, "mbona Jumatatu aliweza", limeumiza watu wengi kuliko kisu cha daktari. Mwili unaopona haudai palepale. Unadai kesho yake, wakati mwingine kesho kutwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kazi uliyompa mtu inamtosha, usimtazame saa tatu asubuhi anavyoshona, wala usimuulize jioni anapotoka. Muulize asubuhi ya siku inayofuata: umelala vipi, umeamka na nguvu gani, maumivu yamezidi au yamebaki palepale? Akiamka vibaya kuliko jana, jana ilikuwa nyingi mno. Akipita wiki nzima anaamka vizuri, mwongezeeni kidogo. Mimi sijaona kipimo bora kuliko hicho, na hakina gharama.

Lakini wenzake, je, walikuwa watu wabaya? Hapana. Na hapa nataka wasimamizi mnisikilize kwa masikio yote mawili, kwa sababu hapa ndipo penye mzizi wa jambo.

Laini ile ilikuwa na watu 20. Lengo la zamu mashati 600, yaani 30 kwa kila kichwa, na laini isipofika 600 bonasi ya wiki inakatwa kwa wote. Siku dada huyu alipokuwa hospitali, ofisi ilihesabu vichwa 19, lengo likashuka hadi 570. Siku aliyorudi, ofisi ikahesabu vichwa 20. Lengo likapanda palepale hadi 600. Mnaona kilichotokea? Kurudi kwake kulipandisha lengo la wenzake, na yeye hana nguvu ya kulifikia. Kila shati alilopungukiwa lilitoka kwenye mfuko wa jirani yake mwenye watoto na kodi ya nyumba. Watu waliompelekea uji hospitali walianza kumnunia. Tungewahubiria upendo mpaka jioni, na bonasi ingeendelea kukatwa.

Tulifanya nini? Tuliomba ofisi ya uzalishaji imhesabu nusu kichwa kwa wiki 3. Vichwa 19 na nusu, mara 30, ni mashati 585. Wiki 3 zilizofuata akahesabiwa robo tatu, laini ikadaiwa 592. Kisha akawa kichwa kizima. Ofisi ilipoteza mashati 15 kwa zamu, halafu 8, halafu sifuri. Na ule mnuno? Ulikwisha ndani ya siku chache. Hakuna aliyehubiri. Hesabu ilirekebishwa tu.

Mafungu tuliyahamisha kutoka chini ya meza tukayaweka juu ya kigoda, na kijana wa kubeba mizigo akapewa jina lake kwenye karatasi kwamba ndiye atakayemwekea. Nasisitiza: jina lake. Ukiandika "wenzake watamsaidia", hakuna atakayemsaidia, kwa sababu kila mmoja atadhani ni mwingine. Tukampa pia ruhusa ya kusimama na kutembea dakika chache kila saa, kwa sababu kukaa umejikunja saa nyingi na kovu la tumbo ni mateso.

Na yale maneno "kazi nyepesi"? Tulimrudisha kwa daktari na karatasi iliyogawa kazi yake mwendo mmoja mmoja: kunyanyua kilo ngapi, kuinama, kusimama, kukaa, kukanyaga pedali, zamu ya usiku. Daktari hajui kiwanda chenu. Akiona "mshonaji", anawaza mama na cherehani yake barazani. Mwandikieni anachokifanya mtu huyu kweli, naye atawajibu kwa usahihi: kilo 5 hadi tarehe fulani, usiku hapana hadi tarehe fulani. Na kuhusu usiku, sheria ileile ya 2004 inamtaka mwajiri amhamishe mfanyakazi aliyethibitishwa kuwa hawezi zamu ya usiku, pale inapowezekana.

Nimekaa sana kwenye tumbo. Twende kwenye msiba, ambao hauna kovu wala kipimo cha damu, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kuusahau.

Fundi mitambo mmoja alifiwa na baba yake Ifakara. Kiwanda kilijitahidi: rambirambi ilikusanywa, watu walikwenda kuzika. Akarudi baada ya wiki. Na hapa niseme jambo ambalo linaweza kuwaudhi baadhi yenu. Rambirambi zetu ni nzuri, tusiziache. Lakini zinatufanya tujione tumemaliza deni. Tumechanga, tumezika, tumekula, tumetawanyika. Yule aliyefiwa yeye ndiyo kwanza anaanza.

Anaanza nini? Alikuwa mtoto mkubwa wa kiume. Kikao cha ukoo kikamteua awe msimamizi wa mirathi. Wanaojua wanaguna, naona. Maana yake ni kufuatilia cheti cha kifo, kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, kurudi siku ya tangazo, kurudi siku ya kuteuliwa, kisha ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe apeleke mahakamani orodha ya mali na madeni ya marehemu. Bado benki, bado mafao, bado kaka zake wanaogombania shamba. Yote hayo ni Ifakara, yeye yuko Morogoro, na mahakama haifunguliwi Jumapili. Sisi tulimwona anaomba ruhusa kila baada ya wiki mbili, tukasema: huyu msiba wake hauishi?

Hauishi, ndugu zangu. Kwa tarehe za mahakama peke yake hauwezi kuisha kabla ya miezi kadhaa. Na tarehe hizo zinajulikana mapema! Mwiteni mtu siku ya kwanza anaporudi, mwulizeni: nani msimamizi wa mirathi? Arobaini ni lini? Una safari gani? Ziandikeni kwenye ratiba ya zamu. Ana siku 28 za likizo ya mwaka, kubalianeni baadhi azichukue moja moja. Ruhusa iliyopangwa haimuudhi mtu. Inayoudhi ni ile ya saa kumi na mbili asubuhi kwa simu.

Sasa kazi yake. Fundi huyu hakulia kazini hata siku moja. Alifika mapema, alitoka mwisho, alikubali kila zamu ya ziada. Msimamizi akasema amekaza moyo, mwanaume kweli. Mwezi wa pili alifungua mashine ya kusokota nyuzi kubadilisha mkanda, akaweka mkono ndani, na swichi kubwa alikuwa hajaifunga kwa kufuli wala hajatundika kibao. Mtu ambaye alikuwa akiwafundisha vijana kufunga kufuli! Mwendeshaji aliona kwa bahati, akapiga kelele. Mkono ulipona.

Nilipokaa naye alisema analala kwa muda wa saa tatu au nne tu usiku mzima. Akifumba macho anamwona mzee. Akisoma kitu anafika mwisho bila kujua mwanzo ulisema nini. Siku ile alipoweka mkono ndani ya mashine ilikuwa siku ya mshahara, na kila siku ya mshahara alikuwa akimtumia baba yake hela ya dawa. Alikuwa ameshika simu, kidole kimefika kwenye jina, ndipo akakumbuka.

Ndivyo huzuni inavyofanya kazi. Inachukua usingizi kwanza, kisha inachukua umakini, na inachukua zile hatua ndogo ambazo mtu huzifanya bila kufikiri. Ujuzi unabaki. Fundi alijua mashine ile nje ndani. Kilichopotea ni hatua moja katikati. Na haipungui kwa mstari ulionyooka. Wiki ya 2 anaweza kuwa vizuri kuliko wiki ya 6. Siku ya mshahara, arobaini, sikukuu ya kwanza bila marehemu, siku hizo zinamrudisha nyuma.

Kwa hiyo msisubiri machozi. Tazameni makosa ya aina hii: hatua iliyorukwa, kitu kuhesabiwa mara mbili, agizo alilopewa asubuhi analiuliza tena mchana, chombo kusahaulika ndani ya mashine. Na mwogopeni, nasema mwogopeni, yule anayekubali kila zamu ya ziada baada ya msiba. Mara nyingi anaikimbia nyumba.

Tulimfanyia nini fundi? Hatukumnyang'anya kazi. Kuna wasimamizi, kwa huruma kabisa, wanamwondoa mtu kwenye ufundi wanampa kufagia. Hilo linamvunja, maana kazi yake ndicho kitu pekee ambacho hakijabadilika. Tulimwacha na mashine zake, lakini kwa wiki 6 hakufungua mashine peke yake. Walikuwa wawili, na wa pili anasaini kwamba kufuli imefungwa. Usiku peke yake, hapana. Zamu za ziada, hapana, hata akiomba. Na siku ya mshahara mwenzake alijua akae naye karibu.

Kuhusu mjane wa Kiislamu niseme kwa ufupi. Eda yake ni miezi 4 na siku 10, na akiwa mjamzito ni hadi ajifungue, wakati siku za sheria zenye malipo ni 4. Msimwamulie. Yuko atakayetaka kukaa nyumbani muda wote na yuko ambaye lazima atoke mchana kutafuta riziki ya watoto. Mwulizeni yeye, mpeni nafasi ashauriane na wazee na shehe wake, kisha mwunganishieni likizo ya mwaka na siku zisizo na malipo kadiri mnavyoweza. Akitoka kazini, zamu ya mchana, awahi nyumbani kabla ya giza.

Sasa ile karatasi. Ni ukurasa mmoja, unaandikwa siku ya kwanza, na anayerudi mwenyewe akiwepo mezani. Inasema kazi ipi anaifanya na ipi haifanyi kwa sasa. Inasema nani, kwa jina, anachukua ile asiyoifanya. Inasema lengo limehesabiwaje na ofisi imekubali. Ina tarehe ya kuitazama tena, nami napendekeza kila Ijumaa, dakika kumi. Na ina tarehe ya mwisho. Bila tarehe ya mwisho wenzake wataona ni upendeleo wa milele, na yeye ataishi na wasiwasi kwamba kesho mpango utaondolewa. Mshahara wa wiki hizo nao uandikwe, kwa sababu hiyo hesabu ya likizo niliyowasomea haimpangii mshahara mtu aliyerudi nusu. Mkubaliane kabla, si mwisho wa mwezi.

Halafu laini iambiwe. Iambiwe nini? Mambo matatu: kazi gani haifanyi, mpaka lini, na nani anaifanya. Basi. Ugonjwa wake haumo. Nilimwona kijana wa ghala aliyerudi akiwa kwenye dawa za kifua kikuu. Dawa hizo ni za miezi 6, na kwa kawaida mtu akizimeza sawasawa kwa wiki 2 hivi haambukizi tena. Alirudi salama kabisa kwa wenzake. Lakini mtu mmoja ofisini alisema jina la ugonjwa, na kufikia mchana kikombe chake kilikuwa kimetengwa na benchi lake limebaki na yeye peke yake. Akaanza kuficha dawa, akaanza kuruka siku za kliniki. Huyo ndiye aliyekuwa hatarini kuugua upya na kuambukiza, na hatari hiyo ilitengenezwa na mdomo wa mtu. Siri ya mgonjwa ni yake. Mwulizeni: ungependa wenzako waambiwe nini? Semeni hilo hilo, msiongeze.

Na wewe unayerudi, dada yangu, kaka yangu uliyekaa huko nyuma, najua mmo. Usikaze Jumatatu ya kwanza. Mwendo utakaoonyesha siku hiyo ndio utakaodaiwa. Anza chini, panda.

Itatokea mpango usifanikiwe. Mshonaji akikohoa ukaona uvimbe unachomoza kwenye kovu, akipata homa, kidonda kikitoa maji au harufu, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Aliyefiwa akifika mwezi wa tatu au wa nne bado halali, hali, anakonda, au akasema afadhali angemfuata marehemu, msimwambie avumilie. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali, hospitali za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Na ikionekana mtu hatarudia kazi yake ya zamani, bado haijafika barua ya kumwachisha. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinamtaka mwajiri kwanza atazame chanzo cha hali ile, ukubwa wake, kama ni ya muda au ya kudumu, azungumze na mfanyakazi, na atafute kama kazi inaweza kurekebishwa au ipo nyingine anayoiweza. Wawakilishi, hayo muyadai yakiwa na maandishi. Na aliyeachishwa bila hayo ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30 zinapita haraka kwa mtu mgonjwa, kwa hiyo msimwachie aende peke yake.

Nakala za karatasi ya kurudi kazini ziko mezani pale mlangoni, kila kiwanda kichukue yake. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.